Tupeane uzoefu: gredi za mgawo zilivyotugombanisha darasani

Mleta mada
Mdogo wangu kanipigia analia. Mhadhiri kawatangazia kuwa A ni kwa asilimia 10 ya darasa tu, hata wote wakipata 90. Nikakumbuka yangu. Tulikuwa 40, A nne, na kundi letu la diskasheni lilikuwa na watu watano. Mmoja alitufundisha takwimu kila jioni. Tulipotangaziwa mgawo, wiki iliyofuata akaanza kuumwa kichwa kila tukimfuata. Mimi nikapata pasti pepa zenye majibu, nikazificha chini ya godoro. Aliponiuliza kama ninazo nikamwambia sina. Nilipata 82, nikawa wa nne. Yeye 81, B. Hatuongei mpaka leo. Leteni yenu.

Kurasa
Yamenikuta. Kwetu kitabu cha maktaba kilichanwa sura nzima.

Mzee wa Kodi
Wanafunzi wa Johns Hopkins, Marekani, walimaliza kazi mwishoni mwa 2012. Profesa wao wa programu alikuwa anamhesabu wa kwanza kuwa ndiye 100, wengine wanapimwa kwake. Madarasa matatu yakakubaliana hakuna anayeingia kwenye mtihani. Walisimama nje ya mlango wakilindana, akiingia mmoja wote waingie. Hakuingia mtu. Wa kwanza akawa na sifuri, wote wakapewa A!

Kurasa
Wote?! Mdogo wako afanye hivyo hivyo.

Chaki
Msimpoteze mtoto. Pale kipimo kilikuwa alama ya wa kwanza, ndiyo maana sifuri ya wote ikawa A ya wote. Kwenye mgawo A ni chache tangu mwanzo, mkigoma wote hazitaongezeka. Na yule profesa alibadilisha kanuni baadaye.

Sapu Tatu
Mimi mgawo uliniokoa. Pepa lilikuwa gumu, wa kwanza alipata 48. Kwa kiwango cha 50 tungefeli wote.

Chaki
Ulichookolewa nacho ni kupandishiwa alama. Hapo mwenzako akipanda wewe hushuki.

Sapu Tatu
Nilikuwepo mimi, wewe hukuwepo. Na kiwango hakijui kama mwaka huu pepa limetungwa vibaya.

Chaki
Hilo la pepa nakubali.

Mgeni22
Samahani, B ya mgawo nikihama chuo inahesabiwaje?

Kurasa
Mleta mada, mwambie asimpe mtu desa.

Chaki
Inategemea wako wangapi. Wakiwa 300, A ni 30. Akisoma na watatu wanapanda wote wanne, wanaoachwa nyuma ni wale 296. Kuficha kunalipa darasa likiwa dogo, unayemfundisha ndiye wa kukushusha. Kwenye kiwango cha 70 hilo halipo, mkifika wote mmepata wote.

Mleta mada
Nimemuuliza. Wako 22, A ni mbili. Na anayesoma naye ni mwenzake wa chumba.