Muuza mafuta ya michirizi wa Kariakoo amenisomea vituo vya treni tumboni mbele za watu!

Mama Kulwa
Wakuu, niko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nimesimama, mikono inatetemeka na naandika hivyo hivyo. Mods naomba msiuhamishe huu uzi kwenye jukwaa la urembo. Hili si la urembo, hili ni la polisi.

Jina simtaji, mnamjua wote. Lile duka lenye taa za zambarau na spika mlangoni inayopiga kelele mpaka Msimbazi. Anavaa koti jeupe, anajiita daktari wa ngozi.

Miezi mitatu iliyopita aliniuzia kichupa cha mafuta, mililita 60, shilingi 45,000. "Dada, siku 14 michirizi kwaheri." Mapacha wangu wana miaka minne sasa, michirizi ya tumboni imeshakuwa myeupe. Nikapaka asubuhi na usiku. Nilipaka mpaka shuka zikawa zinateleza, baba watoto akilala upande huu anaamkia sakafuni. Siku 14 zikaisha, hakuna hata mchirizi mmoja ulioaga.

Nikarudi. Akanipa kopo jeupe, halina lebo, 30,000, "ya kuongezea nguvu". Wiki sita nikapaka tumboni na mapajani. Ngozi ikawa nyeupe, laini, nikafurahi nikamsifia kwa majirani. Halafu wiki iliyopita nikaona michirizi MIPYA ndani ya mapaja. Myekundu! Mahali ambapo mimba ya mapacha haikufika!

Leo nimemfuata. Nikajificha kwenye kona, nikainua blauzi kidogo aone kwamba hata ile ya zamani ipo. Yule mtu akachukua kalamu, akaanza kunionyeshea tumboni kwa sauti, wateja wanne wamesimama: "Dada, hapa Pugu, hapa Soga, hapa Morogoro. Reli ya serikali utaifutaje kwa kichupa kimoja? Chukua vitatu."

KALAMU. TUMBONI KWANGU. PUGU!

Mzee wa Buguruni
Pole dada. Ila jamaa hajui reli. Kutoka Soga karuka Ruvu na Ngerengere.

Mama Kulwa
Mzee nakuheshimu lakini leo usinitanie. Nasikia "Pugu" kichwani kama king'ora.

Shangazi Tabata
Mwanangu, pole sana. Kosa ulilifanya wakati wa mimba. Mimi nimezaa watano, kila mimba nilijipaka mafuta ya nazi kuanzia mwezi wa tatu, nakandwa na bibi kila jioni. Tumbo langu ni kama la msichana. Ukiacha ngozi ikauke inapasuka kama udongo wa kiangazi. Ni hilo tu.

Mfamasia wa Zamu
Mama Kulwa, kabla ya mengine yote, usilitupe hilo kopo. Niambie mambo matatu. Halina maandishi kabisa? Mapaja yamekuwa meupe kuliko miguu? Na ukiikunja ngozi ya paja kwa vidole, imekuwa nyembamba kuliko zamani, mishipa inaonekana?

Mama Kulwa
Maandishi hakuna, ni kibandiko cha ua tu. Mapaja meupe ndiyo, nina rangi mbili kama bendera. Na mishipa naiona, nilidhani ndio kung'aa kwenyewe. Halafu nikimkumbuka na ile kalamu...

Mfamasia wa Zamu
Basi nina wasiwasi mkubwa kwamba umepakwa steroidi, dawa kali ya magonjwa ya ngozi, pengine ile iitwayo klobetasoli, iliyochanganywa na kitu cha kuchubua. Kwa macho siwezi kuapa, maabara ndiyo husema. Lakini nikiona kopo lisilo na lebo, ngozi kuwa nyeupe haraka, kuwa nyembamba, kisha michirizi mipya kwenye mikunjo, hapo sihitaji kuambiwa mara mbili.

Michirizi si uchafu wa juu. Ngozi ina tabaka la juu na tabaka nene la chini lenye nyuzi zinazoishika. Tumbo likivutika upesi, na homoni za mimba zikiwepo, zile nyuzi za chini hukatika. Mwili unaziba pale kwa kovu. Mwanzoni kovu huwa jekundu au zambarau, kwa wengi wetu weusi huwa kahawia iliyokoza, kwa sababu damu bado inapita kwa wingi. Baada ya miezi au mwaka na zaidi linatulia, linakuwa jeupe. Lako la tumboni ni la miaka minne, limeshatulia. Mafuta yanabaki juu ya ngozi, nyuzi zimekatikia chini. Kichupa cha 45,000 kilikuwa kinapaka rangi bati wakati nguzo ndiyo iliyovunjika.

Steroidi ndiyo balaa jingine. Ukiipaka muda mrefu, inazuia ngozi kutengeneza zile zile nyuzi. Ngozi inakonda, inapasuka. Mikunjo ya mapaja ndiyo huumia kwanza kwa sababu pale ngozi hunyonya dawa sana. Klobetasoli hospitalini tunamwambia mgonjwa asipitishe wiki mbili mfululizo, wala gramu 50 kwa wiki. Wewe umepaka wiki sita, kwenye eneo kubwa. Kwa hiyo dada, ulinunua dawa ya michirizi iliyokutengenezea michirizi.

Mama Kulwa
Nimeshuka daladala. Nimekaa kwenye kiti cha muuza maji. Kwa hiyo alijua! Aliponionyeshea Morogoro tumboni alijua reli kaijenga yeye!

Mzee wa Buguruni
Hiyo inaitwa mkandarasi.

Salha wa Kigamboni
Mfamasia unatutisha. Mimi mtu mmoja aliniuzia krimu ya michirizi na ILIFANYA KAZI. Nilianza kupaka nikiwa nimejifungua miezi miwili, ilikuwa ya zambarau mpaka inatisha. Baada ya miezi minane huioni mpaka usogee. Kopo lake lilikuwa na lebo kamili. Sasa?

Mfamasia wa Zamu
Sikukatalii ulichokiona. Ila ya zambarau huwa inafifia yenyewe kwa muda huo huo, upake usipake. Ndiyo maana matangazo yote hupiga picha ya kwanza mwezi wa pili na ya mwisho mwaka ukikaribia. Ungepaka tumbo upande mmoja tu ukaacha wa pili, tungejua.

Salha wa Kigamboni
Nani apake nusu tumbo? Mimi naamini krimu yangu.

Mfamasia wa Zamu
Sawa. Ila kuna hila ya pili, na hiyo ndiyo iliyompata Mama Kulwa. Mchirizi wa zamani ni mweupe, ngozi inayouzunguka ni nyeusi, ndiyo maana unaonekana. Ukiichubua ile ngozi ya pembeni, rangi zinakaribiana, mchirizi "unapotea". Haujapungua hata uzi. Siku rangi ikirudi, nao unarudi. Jipimeni hivi: zimeni taa kubwa, mulikeni tochi ya simu kwa ubavu. Kama bado mnaona mashimo membamba na mikunjo, kilichobadilika ni rangi tu. Ngozi ikiwa na mafuta na mwanga ukitoka mbele, mashimo hayaonekani kabisa. Nazo picha za "baada" karibu zote ni za mwanga wa mbele.

Shangazi Tabata
Na mafuta ya nazi?

Mfamasia wa Zamu
Shangazi, mafuta ya nazi ni mazuri, yanalainisha, yanapunguza muwasho wa tumbo likivutika, na kukandwa kunampumzisha mama. Hapo uko sahihi. Ila kwamba yalikuzuia wewe kupata michirizi, hapo nasita. Mwaka 2012 wakaguzi wa Kokreni, wale wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio sita yenye wanawake 800 wajawazito, hawakupata ushahidi mzuri kwamba kupaka chochote kunazuia. Siagi ya kakao nayo ilipojaribiwa dhidi ya krimu isiyo na dawa haikushinda. Mara nyingi ni damu. Mama yako alikuwa nayo?

Shangazi Tabata
Mama hakuwa nayo. Lakini dada yangu anayo na ni damu moja, na yeye hakupaka nazi. Mjibu huyo.

Mfamasia wa Zamu
Huyo sina jibu lake, Shangazi.

Mbeba Vyuma
Wakuu, mimi ni mwanaume, nina michirizi mabegani tangu nianze kunyanyua vyuma. Nayo ni ya mimba?

Mzee wa Buguruni
Hongera, miezi mingapi?

Nasra 6M
Mimi ni mjamzito, miezi sita. Mafuta yangu yameandikwa kolajeni, vitamini E na gotukola. Bei 60,000. Niendelee?

Mfamasia wa Zamu
Mbeba Vyuma, misuli ikikua haraka ngozi inavutika vile vile. Kama kuna sindano au vidonge vya kujaza mwili, acha.

Nasra, geuza chupa usome nyuma. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Kama cha kwanza ni parafini ya maji, umenunua mafuta ya madini, yale yale ya mtoto. Hayana ubaya, ila si ya 60,000. Kisha tafuta neno la manukato. Kinachoandikwa baada yake mara nyingi ni chembe tu, na gotukola, ule mmea wa dawa, huwa huko mwishoni, nyuma kabisa. Kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi, inakaa juu kama nguo. Gotukola ilionyesha dalili ndogo kwenye majaribio machache, sikuahidi kitu. Na ukiona tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, weka chini. Hiyo ndiyo ya pekee niliyoona imesaidia kidogo ile michirizi mipya, asilimia 0.1, miezi sita ya kupaka, lakini mjamzito haruhusiwi kabisa.

Nasra 6M
Parafini ndiyo ya kwanza. Gotukola ya mwisho kabisa. Nimeumia.

Mama Kulwa
Nirudieni mimi! Hii mipya itaondoka? Na yule mtu nimfanyeje?

Mfamasia wa Zamu
Mipya inaweza kufifia, haitafutika. Usipake tena lile kopo. Kesho nenda kliniki ya ngozi, beba kopo, waambie wiki sita na sehemu zote ulizopaka, maana ukiacha ngozi inaweza kuwaka na kuwasha, na nyingine huingia mwilini. Nakala ya malalamiko peleka TBS, wao ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019. Steroidi na haidrokwinoni, ile ya kuchubua, hazitakiwi kwenye kipodozi nchini.

Salha wa Kigamboni
Masaki kuna mashine za mwanga, shoga yangu alienda mara nne, laki nne nne.

Shangazi Tabata
Laki nne? Kwa hizo si unanunua shamba Mkuranga.

Mzee wa Buguruni
Mkuranga ya wapi bado laki nne? Mimi nilipigwa kiwanja kule, kimeuzwa kwa watu watatu, dalali yupo tu anakunywa kahawa.

Mbeba Vyuma
Dalali mnene, ana Noah nyeupe?

Mzee wa Buguruni
Huyo huyo! Unamjua?!

Mbeba Vyuma
Njoo PM, na mimi nina risiti yake.

Mama Kulwa
Jamani, KALAMU...