Rekodi ya kikao: heshi ya faili la kwenye kadi na la kwenye simu hazifanani

Mwandani: Wakuu, kuna mgogoro wa mkataba na rekodi ya kikao huenda ikahitajika kama ushahidi. Ilirekodiwa kwa kinasa sauti, faili la WAV, dakika 48. Siku hiyo hiyo nakala ilitumwa WhatsApp. Leo nimepima heshi ya SHA-256 ya zote mbili, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili, hazilingani. Ina maana imechezewa?

Kapteni_Sauti: Si lazima. WAV ya mono, 44.1 kHz, biti 16, hula takriban MB 5.3 kwa dakika, kwa hiyo faili lako ni kama MB 254. Linganisha na lile la simu. Likiwa dogo sana, limebanwa upya lilipotumwa kama sauti. Maneno ni yale yale, baiti ni nyingine. Linalolindwa ni la kwenye kadi. Toa kadi kwenye kinasa, sogeza kitufe cha kadi cha kuzuia kuandikwa, unakili, kisha ukiwa ndani ya folda ya nakala:

```
sha256sum KIKAO01.WAV > heshi.txt
sha256sum -c heshi.txt
```

Pima na la kwenye kadi, lazima zifanane. Kadi iingie bahasha, ifungwe, isainiwe juu ya mkunjo. Kazi zote zifanyike kwenye nakala.

Bi_Rehema: Na usibadilishe jina la faili, heshi itabadilika. Mimi nilibadilisha, ukaguzi ukagoma.

Kapteni_Sauti: Hapana dada, jina halimo ndani ya baiti zinazopimwa. `-c` iligoma kwa sababu inatafuta jina lililoandikwa kwenye heshi.txt. Kinachobadilisha heshi ni kufungua kwenye programu ya kuhariri na kuhifadhi upya, hata kama hukukata kitu.

Mzee_Kumbukumbu: Mwandani, umepima leo, kikao kilikuwa lini? Heshi inathibitisha kuanzia leo tu. Siku za katikati zinajazwa na maandishi: kadi ilikaa wapi, nani aliishika, alimpa nani, saa ngapi, kwa sababu gani. Andika sasa, kwa tarehe ya leo, ukisema wazi kuwa unaandika kwa kumbukumbu. Usirudishe tarehe nyuma. Wakili wa upande wa pili akiigundua, hata yaliyo kweli yatatiliwa shaka. Lile la WhatsApp usilifute: ujumbe una tarehe ya kutumwa, na sauti inaweza kulinganishwa na ya kadi.

Mwandani: Saa ya kinasa iko mbele dakika 11. Niirekebishe?

Mzee_Kumbukumbu: Usiiguse. Ipige picha pembeni ya saa sahihi, uandike tofauti. Ukiirekebisha, utashindwa kueleza kwa nini tarehe ya faili haiendani na muda wa kikao.

Bi_Rehema: Heshi yenyewe iwekwe wapi? Kwenye bahasha ile ile?

Kapteni_Sauti: Isikae humo peke yake. Anayeweza kubadilisha faili akiweza pia kubadilisha heshi, hakuna kinga. Chapisha tarakimu zote 64, msaini wawili, kisha mtumie wakili kwa barua pepe ili ziwe na tarehe nje ya mikono yako.

Mzee_Kumbukumbu: Bahasha ningempa mtu asiye na upande.

Kapteni_Sauti: Hapo natofautiana nawe. Kila mkono unaoongezeka ni shahidi mwingine wa kuhojiwa. Wakili wa Mwandani aamue.