Naandikaje rambirambi isiyofanana na tangazo la gazetini?

Mhasibu_Ngara
Wadau, hamjambo. Mwenzangu wa kitengo cha hesabu amefiwa na mamake juzi, huko Malindi. Ni Mwislamu, kwa hiyo mama alizikwa alasiri ya siku hiyohiyo, na mimi niko Nairobi, sikuweza kufika. Nataka kumwandikia barua pepe. Nimeandika hivi:

"Nimepokea kwa masikitiko makubwa habari za kifo cha mama yako mpendwa. Tafadhali pokea rambirambi zangu za dhati. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Ukihitaji lolote, usisite kunijulisha."

Tumekaa meza moja miaka minne, na barua yenyewe angeweza kuiandika hata bawabu wa jengo la pili. Nisaidieni.

BabaWawili
Ndugu yangu, fungueni grupu ya wasapu, mchague mweka hazina, mchango uanze. Mochari haingoji barua.

Mhasibu_Ngara
Mzee, mama ameshazikwa. Mochari hakuna, basi la kukodi hakuna. Mchango wa ofisi umeshatumwa. Naulizia barua.

Nyota_ya_Pwani
Sentensi yako ya kwanza inamweleza habari anayoijua kuliko wewe. Ifute. Huyo mama ulimjua kwa lipi?

Mhasibu_Ngara
Sikuwahi kumwona. Alikuwa akituma achari ya maembe kwa basi, kwenye chupa ya jemu yenye lebo iliyobanduka nusu. Tulikuwa tunailia wali wa mchana. Akipiga simu saa saba lazima aulize, "Yule mlaji wako yupo?" Mlaji ni mimi. Lakini huo ni mzaha, hauwezi kuingia kwenye barua ya msiba.

Nyota_ya_Pwani
Barua yako ndiyo hiyo! Hapo alipo kila anayeingia anamuuliza mama aliugua nini. Hakuna wa kumwambia kwamba mama yake alikuwa na mtu Nairobi. Usiandike "alikuwa mkarimu". Taja chupa, ukarimu atauona mwenyewe. Halafu "ukihitaji lolote" ni kumpa kazi: akae afikirie anachohitaji, kisha aje akuombe. Nyinyi ni watu wa hesabu. Ritani ya VAT ni tarehe 20, nani anaifanya?

Mwalimu_Mstaafu
Neno "kifo" ni kali, andika "ametutoka". Anza na Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, maana ni Mwislamu. Na iwe ukurasa mzima, ajue umejali.

Nyota_ya_Pwani
"Ametutoka" sawa, Mwalimu. Ukurasa mzima hapana, anasomea kwenye simu huku wageni wanaingia. Hiyo Inna lillahi, kama hujawahi kuitamka mbele yake, itaonekana ya kuazima.

Bint_Eastleigh
Mimi naona tofauti. Nilipofiwa na baba, Mkristo mmoja aliniandikia hivyohivyo na nikafurahi. Kilichonikera ni barua iliyokuja kama jibu la mazungumzo ya kazi: kichwa "RE: Ankara za Machi", pole mistari miwili, na chini saini ya kampuni, "Tunakuhudumia kwa tabasamu". Fungua barua mpya, na saini hiyo uifute kwa mkono, maana inajibandika yenyewe.

Mhasibu_Ngara
Kweli, na yetu ina nembo na tangazo la ofa. Jaribio la pili:

Kichwa: Kuhusu mama

"Dada, pole sana. Mama sikuwahi kumwona, lakini nimekula achari yake miaka minne, na simu ikilia saa saba nilikuwa nasubiri nisikie kama ataniulizia. Leo nimefungua droo nikaikuta chupa, imebaki robo. Sijui niseme nini zaidi. Ritani ya tarehe 20 naifanya mimi, hakuna atakayekupigia simu ya kazi. Usijibu barua hii. Mlaji."

BabaWawili
Hiyo robo usiimalize peke yako.

Mwalimu_Mstaafu
Fupi mno, na dua haimo. Mimi ningeongeza.

Nyota_ya_Pwani
Dua moja haidhuru, mradi iwe ile ambayo ungemwombea kwa mdomo wako. "Sijui niseme nini zaidi" itoe, kila mtu anayo, na wewe ulikuwa umeshasema. "Usijibu" inasikika kama amri. Weka "si lazima unijibu". Ila hapo pa kutopigiwa simu, una hakika? Ritani ya mwezi uliopita aliiwasilisha nani?

Mhasibu_Ngara
Yeye. Na neno la siri la iTax ya kampuni analo yeye.

Nyota_ya_Pwani
Basi utampigia tarehe 19 usiku.

Mhasibu_Ngara
Situmi leo. Kesho asubuhi namwona mkuu wetu kuhusu hilo neno la siri. Akisema hanalo, sentensi hiyo naitoa.