Naombeni ushauri: mwaliko wetu wa webina haujibiwi na mawakala wa mizigo

Bint_Shimanzi
Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninafanya kazi katika kampuni ndogo hapa Mombasa inayouza programu ya kufuatilia siku za makontena, na wateja tunaowalenga ni mawakala wa forodha. Tumepanga kuionyesha kupitia Zoom Ijumaa ya wiki ijayo, saa saba mchana, kwa muda wa saa nzima. Mwaliko nimeuandika mimi, ukatumwa kwa anwani 340, lakini waliojiandikisha ni sita, na wawili kati yao ni wenzangu wa ofisini. Kichwa cha barua kilikuwa "Mwaliko Maalumu: Webina ya Kipekee Kuhusu Teknolojia ya Kisasa ya Usafirishaji". Mkurugenzi anataka barua ya pili itoke Jumatatu, nami ninaona kasoro iko kwenye kichwa. Naombeni kichwa kitakachowavuta watu.

Nahodha_Likoni
Waaleikum salaam dada. Kabla ya kichwa, tazama saa. Ijumaa saa saba mchana, katika mji huu, nusu ya unaowaalika watakuwa msikitini au njiani kurudi. Mtu akiona saa hiyo anajua kwamba aliyepanga hakumfikiria, na hataendelea kusoma.

Kijana_Tudor
Dada, watu huja kwa zawadi. Sisi tulipokuwa tukiuza paneli za sola tulitangaza kwamba mmoja wa watakaohudhuria atapata simu, na ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama. Andika "Shinda simu" kwenye kichwa na utaona.

Mwandishi_Nyali
Ndugu Kijana, ukumbi ulijaa, lakini hukutuambia ni wangapi walionunua paneli. Zawadi huleta watu, hilo ni kweli, ila huleta wanaotaka simu, na karani anayehangaika na makontena hubaki ofisini kwake na kazi yake.

Bint Shimanzi, nimeandika mialiko ya aina hii kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu kichwa si kasoro yako kubwa. Tuwekee aya ya kwanza ya barua kama ilivyo. Pia tueleze anwani hizo 340 zilitoka wapi.

Bint_Shimanzi
Ahsante. Aya ya kwanza ni hii: "Mpendwa Mteja, tunayo furaha kubwa na heshima ya pekee kukualika katika webina yetu ambapo tutaizindua programu bora, ya kisasa na rahisi kutumia, itakayobadilisha biashara yako." Anwani ni za wadau wa sekta. Ningependa kuongeza kwamba mfumo wetu unaonyesha karibu theluthi mbili ya waliopokea walifungua barua, kwa hiyo haikupotea.

Karani_MoiAvenue
Mimi ni karani wa kupitisha mizigo, na ninaona mmefika kwenye jambo linaloniumiza. Mwaka jana tulikuwa na kontena la vigae. Ushuru ulilipwa, gharama za kukaa bandarini zikalipwa, lori likatoka, nasi tukaamini kwamba hesabu imefungwa. Mwenye mzigo akaliweka kontena kwenye ghala lake Miritini akilipakua polepole, na tulipolirudisha tupu kampuni ya meli ikatuletea bili yake, kwa sababu siku zake za bure zilikuwa zimekwisha zamani. Mteja akakataa kulipa akisema kwamba hatukumwambia. Je, kuna njia ya kuomba gharama hizo zipunguzwe baada ya bili kutoka?

Mwandishi_Nyali
Ndugu Karani, kupunguziwa ni suala la kuzungumza na kampuni ya meli yenyewe, tena mapema, na wenye uzoefu watakujibu vizuri zaidi yangu. Hata hivyo umemsaidia dada yetu kuliko sisi sote.

Bint Shimanzi, soma tena maneno yake. Kuna hesabu mbili: bandari inadai kwa kontena kukaa uwanjani, na kampuni ya meli inadai kwa kontena lake hadi litakaporudishwa tupu. Ya kwanza hufungwa lori linapotoka getini, na ya pili huendelea. Karani huyu alilipia tofauti hiyo. Barua yako haikumgusa, kwa sababu "bora", "kisasa" na "rahisi" ni maneno ambayo muuzaji yeyote huyasema juu ya kitu chochote. Anayealikwa anataka kujua ni swali gani la kazi yake litakalojibiwa, na kama atatoka na kitu hata asiponunua.

Kuhusu waliofungua, usiitegemee namba hiyo. Kinachohesabiwa ni picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua, na tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple imekuwa ikiweza kuipakua picha hiyo yenyewe, hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Hesabu waliobofya kiungo na waliokujibu. Zaidi ya hapo, mtu anapotazama orodha ya barua kwenye simu huona kichwa pamoja na maneno machache ya mwanzo. Nafasi hiyo wewe umeijaza "Mpendwa Mteja, tunayo furaha kubwa".

Swali langu la pili bado hujalijibu. Wadau gani hao?

Bint_Shimanzi
Nitasema. Mwenzetu wa mauzo alikuja nayo orodha hiyo kutoka kampuni aliyokuwa akifanya kazi awali. Sidhani kama ni kosa kubwa, kwa sababu ni anwani za kazi, na nyingi ziko wazi kwenye mabango ya ofisi zao. Isitoshe, tumekwisha kuipakia kwenye mfumo, tumelipia mwezi mzima, na barua ya Jumatatu imepangwa kujituma yenyewe.

Mzee_Makadara
Mwanangu, amana ni amana. Watu hao walimpa anwani zao mfanyabiashara mwingine kwa shughuli nyingine. Hata sheria inalijua jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi. Kwa hiyo huruhusiwi kumwandikia mtu yeyote usiyemjua, na hapo ndipo mjadala unapoishia.

Mwandishi_Nyali
Mzee wangu, kuhusu orodha hii ninakuunga mkono kikamilifu. Hata hivyo kifungu hicho kinataja pia matumizi yaliyoruhusiwa na sheria nyingine, iwapo mhusika alijulishwa taarifa zake zilipochukuliwa, na kinazungumzia taarifa za mtu binafsi. Anwani ya jumla ya ofisi, isiyo na jina la mtu, ina mjadala wake ambao nisingependa kuuamua hapa. Orodha iliyobebwa kutoka kwa mwajiri wa zamani, yenye majina ya makarani, haina mjadala.

Kuna na madhara ya kiufundi. Asiyekujua hubofya kitufe cha barua taka, na mifumo ya barua hujifunza kutokana na hilo. Google huwataka watumaji malalamiko yao yasifike asilimia 0.3. Kwa anwani 340, zikiwa zote ziko Gmail, watu wawili wakilalamika umekwisha kuuvuka mpaka huo, na barua zako kwa wateja halisi, hata ankara, zinaweza kuanza kuangukia kwenye barua taka. Muulize anayetunza tovuti yenu kama SPF na DKIM za jina la kampuni, yaani alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, zimewekwa, kisha jitumie barua moja kwenye Gmail, fungua "Show original" na utazame kama yote mawili yanasoma PASS.

Isimamishe barua ya Jumatatu. Waandikieni mnaofahamiana nao: wateja wenu, waliowahi kuuliza bei, waliokupeni kadi zao wakijua mnauza nini. Wakiwa hamsini wanatosha.

Bint_Shimanzi
Hamsini ni wachache mno kwa mkurugenzi. Tena tumekwisha kutangaza Ijumaa, na kubadilisha kutatufanya tuonekane hatujajipanga.

Msomaji_Kimya
Samahanini, mimi nina shaka na uzi huu. Dada anakuja na programu ya makontena, na papo hapo anatokea karani mwenye tatizo lile lile ambalo programu hiyo inalitatua, kisha mtaalamu anatunga tangazo. Tena barua ya kwanza ilikwenda kwa watu 340, na sita wakajiandikisha, lakini hakuna hata mmoja aliyemjibu kwa hasira? Ninaamini hili ni tangazo lililovaa nguo za ushauri, na watatu hao wanafahamiana.

Karani_MoiAvenue
Mimi simjui dada huyu wala programu yake. Kontena la vigae lilikuwa la kweli, na bili tuliilipa sisi. Anayefanya kazi ya kupitisha mizigo katika mji huu na hajawahi kukutana na bili ya namna hiyo, ajitokeze.

Bint_Shimanzi
Sijaitaja kampuni wala sitaitaja, na sijaweka kiungo chochote. Kuhusu hasira, wapo walionijibu vibaya, na mmoja aliuliza nimepata wapi anwani yake. Sikulisema hilo mwanzoni kwa sababu niliona halihusiani na kichwa cha barua.

Msomaji_Kimya
Basi lingekuwa jambo la kwanza kutuambia. Shaka yangu ninabaki nayo.

Mwandishi_Nyali
Kila mmoja na aamue. Ushauri hautabadilika hata kama kisa kimetungwa, kwa hiyo ninaweka hapa barua ninayoipendekeza, na ye yote anayealika watu kwenye onyesho aichukue.

Kichwa: *Kontena moja, hesabu mbili za siku*

*"Jumatano saa nne asubuhi, yaani 10:00, tutafuata kontena moja tangu kushushwa Kilindini hadi kurudishwa tupu, na kuonyesha siku ambayo kila gharama inaanza na siku inayokoma. Onyesho ni la dakika 30, na ni kwa karani anayefuatilia makontena mwenyewe. Tutaingiza tarehe moja moja mbele yenu, na tutaonyesha pia kinachotokea tarehe moja ikikosewa. Programu haichukui tarehe kutoka mfumo wa forodha wala wa kampuni ya meli. Karani ndiye anayeziingiza. Bei tutaitaja dakika tano za mwisho. Kila atakayejiandikisha atapata jedwali la kuhesabu siku, atumie atakavyo, anunue asinunue. Ukiwa na kontena lililowahi kukuletea bili usiyoitarajia, jibu barua hii ukiwa umefuta jina la mteja, nasi tutalitumia kama mfano."*

Saa nimeiandika kwa njia mbili kwa sababu "10:00" pekee kuna atakayeisoma kuwa saa kumi jioni. Dakika 30 zina sababu pia: akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano kwenye dakika ya 40, na wewe ulipanga saa nzima. Sentensi ya kisichofanyika usiiondoe hata mkurugenzi akikuomba, kwa kuwa hilo ndilo karani atakalouliza kwanza, na akilikuta limekwisha kusemwa ataamini yaliyobaki. Barua itoke kwa jina la mtu anayejibu, iambatane na faili ya kalenda, na iwe na njia ya kujiondoa.

Kijana_Tudor
Na rekodi je? Mimi ningeahidi rekodi, wasiopata nafasi watazame baadaye.

Mwandishi_Nyali
Hapo nimegawanyika. Ukiahidi rekodi, wengi hujiandikisha na wachache huja. Ukiinyima, unamkosa aliyekuwa bandarini saa hiyo. Mimi huituma kwa waliojiandikisha bila kuitaja kwenye mwaliko, lakini najua wenzangu wasiokubaliana nami.

Bint_Shimanzi
Nimezungumza na mkurugenzi. Siku imehamishiwa Jumatano, na barua ya Jumatatu imesimamishwa. Orodha amekataa kuifuta, anasema tutaiweka kando kwanza. Nimeanza kukusanya majina ya waliowahi kutuuliza bei, na sijui kama watafika hamsini.

Mzee_Makadara
Kuiweka kando si kuifuta, mwanangu. Mwambie tena.

Karani_MoiAvenue
Barua hiyo ningeisoma hadi mwisho. Ila mtueleze mapema kama mfano wenu utagusa kontena linalokwenda Nairobi kwa treni ya SGR, kwa maana kwetu hayo ni mengi, na kontena tupu hatulirudishi kwa njia moja na la lori la hapa mjini. Kama mtaonyesha la Mombasa peke yake, andikeni hivyo, nami nitamtuma mwenzangu anayeshughulikia mizigo ya hapa.