Tupeane uzoefu: neno la Kiingereza lililokuponza kwa herufi moja

KaraniWaUrambo: Wadau, leo nimepita stesheneri nikaona barua ya mtu mezani ina "effected", jasho likanitoka. Nimekumbuka masika moja nikiwa karani kwa mnunuzi wa tumbaku. Barabara ilikatika, malipo ya wakulima yakakwama. Bosi wa makao makuu hajui Kiswahili, akataka taarifa fupi kwa simu. Kichwani nina "malipo yameathirika", nikaandika:

"Payment has been effected."

Nikatuma, nikaenda kula ugali wangu kwa amani. Kumbe nimemwambia malipo yameshafanyika! Akashukuru, akafunga hesabu za wiki. Siku 3 baadaye wakulima wamejaa barazani, mzee mmoja ananipepea usoni stakabadhi iliyolowa. Napiga simu kulalamika, bosi ananisomea ujumbe wangu mwenyewe, neno kwa neno. Ningeweka A pale mbele, angeuliza siku ileile kuna tatizo gani. Wewe je, lipi lilikuponza?

Chagu_Sikonge: Pole mkuu. Hiyo "effected" inatuua wengi.

MjuziWaIpuli: Mnajitesa bure. "Affect" ni kitenzi, "effect" ni nomino. Kwisha habari.

KaraniWaUrambo: Ingekuwa kwisha habari, bosi angeona nimekosea. Yeye aliona sentensi safi kabisa.

MwalimuMstaafu: Karani yuko sahihi. Kanuni ya Mjuzi inakutoa mara nyingi, lakini "effect" nayo huwa kitenzi, maana yake kutekeleza, kufanya jambo litokee. Ndiyo maana kwenye barua za malipo inapita bila kelele. Tatizo letu ni kwamba Kiswahili kinatupa athiri na athari, zote zinaanza na A, hivyo mkono unakosa pa kushika. Wanafunzi wangu niliwapa maswali 2. Kwanza, je, mbele yake inakubali "the" au "an"? Ikikubali, andika E: "the effect of rain". Kama ni kitenzi, weka "kuathiri" pale. Ikikaa, andika A: "Rain affected the road", mvua imeathiri barabara. Ikigoma, ukaona inayotakiwa ni "kutekeleza", rudi kwenye E.

MjuziWaIpuli: Sasa kitenzi hicho cha E nani anakitumia huku kwetu?

MwalimuMstaafu: Karani alikitumia.

Chagu_Sikonge: 😂😂

DagaaWaKibirizi: Mimi yangu ni "their" na "there". Nilimwandikia mteja "there boat is here", akaniuliza pale wapi. Nilitaka kusema boti yao. Dada mmoja pale mwaloni akanionyesha kwamba ndani ya "there" kuna "here", yaani hapa, basi hiyo ni ya mahali. Toka siku hiyo nikiandika nafunika T kwa kidole, nikiona hapa najua ni pale. Iliyobaki ni yao.

MwalimuMstaafu: Usisahau "they're", hiyo ni maneno 2 yamebanwa, "they are". Ifungue kwanza. "They are boat" haiendi, kwa hiyo kwenye boti haihusiki.

MtotoWaKasulu: Kama ni herufi moja, hakuna aliyeumia kama mimi. Nilimwandikia baba mkwe mtarajiwa: "Mzee, mahari imepatikana." Nilikuwa nazungumzia ukumbi wa harusi! Mzee akaita ndugu zake, wakachinja mbuzi, wakanisubiri na mikeka imetandikwa.

DagaaWaKibirizi: Uwiiii! Mbuzi nani alilipa?

Chagu_Sikonge: Waha na hiyo R yenu!

MtotoWaKasulu: Nyie Wanyamwezi mnaokwenda kupiga kula mkae kimya.

KaraniWaUrambo: Jamani, uzi ni wa Kiingereza.

MwalimuMstaafu: Lakini dawa ni ileile, angalia jirani ya neno. Mahali pamepatikana, mahari imepatikana. Ungeandika "pa", mzee angeshtuka kabla ya kushika kisu.

MtotoWaKasulu: Mwalimu, mtaani kwetu hata mahali "imepatikana". Nani anasema pamepatikana kwenye simu?

DagaaWaKibirizi: Mbuzi nani alilipa???

Chagu_Sikonge: Mimi nakwepa zote mbili. Kama malipo yamechelewa naandika "delayed", kama yamefanyika "paid". Sijawahi kuitwa ofisini.

MjuziWaIpuli: Huko ni kukimbia.

KaraniWaUrambo: Bora kukimbia, wewe hukumwona yule mzee na stakabadhi yake.

NesiMtarajiwa: Samahani nadandia. Kwenye daftari langu la magonjwa ya akili kuna "flat affect", na hapo ni nomino. Niliyenakili ubaoni nilikosea au mkufunzi?

MjuziWaIpuli: Mkufunzi kakosea. Weka E.

MwalimuMstaafu: Usiguse! Kwa watu wa akili hiyo ni nomino kweli, ni namna hisia za mgonjwa zinavyoonekana usoni na kwenye sauti. Hutamkwa kwa mkazo mwanzoni, Á-fekti.

NesiMtarajiwa: Nimeshafuta kwa peni…

MtotoWaKasulu: Mbuzi nililipa mimi.