Benki inanitoza riba ya milioni 1.6 ambayo imelala kwao wenyewe!!

MamaMjengo_Ruai:
Wasee nisaidieni kabla sijaenda kupigana na mtu pale tawini. Nilichukua loni ya ujenzi, milioni 6, ploti iko Ruai, riba asilimia 14.6 kwa mwaka. Makubaliano yalikuwa wazi na yako kwa barua ya ofa, pesa inatoka kwa awamu vile kazi inaenda, na hicho kipindi cha kujenga nalipa riba peke yake, na ni riba ya ile imetoka tu, si ya milioni 6 yote. Ndio maana nilikubali hii na nikaacha zile zingine.

Sasa hiyo 14.6 ukigawanya na siku 365 unapata shilingi 400 kwa siku kwa kila milioni, haihitaji hata kalkuleta. Awamu ya kwanza, msingi na slabu, ilitoka 1.2. Ya pili, kuta mpaka lenta, 1.5. Jumla 2.7, yaani 1,080 kwa siku, na mwezi wa siku 30 ni 32,400. Hiyo nimekuwa nikilipa na sijawahi piga kelele.

Mwezi huu wamekata 51,600.

Nikakaa chini nikahesabu kurudi nyuma. 51,600 gawa na siku 30 ni 1,720, gawa na 400 ni 4.3. Kumaanisha kwa mashine yao mimi nina deni la milioni 4.3 na limekuwa hivyo tangu tarehe moja. Hiyo 1.6 imeongezeka ni awamu ya tatu, ya paa, na hiyo pesa hakuna mtu ameiona!! Mnajua hizi loni hawakupi pesa ndio ujenge, unajenga kwanza halafu sevea wao anakuja kupima. Kontrakta alichukua mbao na mabati kwa deni hadwea, paa likapigwa, sevea wa benki akaja akapiga picha akasaini cheti chake, mimi nikajua mambo imeisha. Kumbe wametoa 1.6 kwa loni yangu wakaiweka kwa akaunti nyingine yao ya kushikilia ati wanangoja bima ya ujenzi irinyuliwe. Kontrakta ameondoa vijana saiti, mwenye hadwea ananipigia mimi, na benki wanakula 640 kila siku kwa pesa haijatoka kwa mlango wao. Afisa wangu wa loni nikimuuliza ananiambia "mama ni sistimu inahesabu hivyo". Sistimu ndiyo ilisaini ofa na mimi??

Mzito_Utawala:
Dada tulia. Hiyo si riba, ni ile ada ya pesa walikutengea na hujachukua. Benki ikikuwekea 6M haiwezi kukopesha mtu mwingine hiyo pesa, kwa hivyo lazima ulipe kitu kidogo. Iko kwa ofa, soma vizuri.

MamaMjengo_Ruai:
Kitu kidogo ni 19,200 kwa mwezi? Na stetimenti imeandika riba.

Karani_Mstaafu:
Mzito hajakosea kabisa, hiyo ada iko kwa ofa za benki kadhaa, lakini haiwezi kufika hapo. Tuseme ni asilimia 1 kwa mwaka. Pesa ambayo mama hajachukua, ukihesabu na hiyo 1.6 hajaiona, ni milioni 3.3, kwa hivyo ni 33,000 mwaka mzima, kama 2,700 kwa mwezi. Na inaingia kwa laini yake, haichanganywi na riba.

Mama, nilikaa miaka mingi ofisi za nyuma za mikopo, zile kastoma haoni, na hii niliiona sana. Hiyo stetimenti uko nayo nadhani ni ya akaunti ya kawaida, inaonyesha tu wamekata. Omba stetimenti ya akaunti ya loni yenyewe. Utaona tarehe 1.6 ilitolewa, na riba inaanza kutembea tarehe hiyo, hata kama pesa ilienda kukaa kwa akaunti ya ndani. Sasa chukua barua ya ofa uangalie riba inaanza lini. Kama imesema tangu akaunti ya loni itolewe pesa, watajificha hapo. Kama imesema tangu ulipwe wewe ama kontrakta, wamekwisha.

Lakini hata wakijificha, uliza hivi: bima ni sharti la kutimizwa kabla pesa itoke. Mbona waliitoa kwa loni kabla sharti litimie? Kazi ya ofisi ile ni kukagua masharti kwanza ndio ipostiwe. Mara nyingi mtu anaharakisha kuposti ndio awamu ihesabiwe kwa mwezi wa tawi lake.

Na wakikubali kurudisha, sisitiza irudishwe kwa tarehe ile ile ilitoka. Wakirudisha kwa tarehe ya leo, siku zote za nyuma bado zimehesabiwa na hiyo 19,200 hutaiona.

Kijana_wa_Sacco:
Nyinyi mna bahati hata mnalipa riba ya nusu. Mimi sacco walinipa yote mara moja, nikaanza kulipa prinsipo na riba mwezi uliofuata, nyumba iko slabu, simiti ikapanda na nyingine nikalipia fizi ya watoto. Hiyo yenu ni flati ama ya kupungua?

MamaMjengo_Ruai:
Kaka hakuna cha kupungua hapa, sijaanza kulipa prinsipo. Pole na slabu.

Fundi_Kayole:
Mimi nasema kama kontrakta. Hiyo vita ya riba ni yenu na benki, lakini mjue bima ya saiti huwa na tarehe ya mwisho ya kazi na kazi ikichelewa inaisha, na hakuna mtu hukumbuka mpaka siku ya kulipwa. Kwangu sipigi paa bila kuona karatasi ya bima. Huyo kontrakta wako alijua?

MamaMjengo_Ruai:
Bima iliisha wakati tunangoja sevea wao aje!! Alikuwa "anapanga ratiba". Tulikaa wiki kadhaa paa liko juu likimngoja yeye.

Karani, nimesoma ofa. Imeandika "riba itahesabiwa kwa kiasi kilichotolewa". Basi. Haisemi kimetolewa kwa nani. Na kuna ingine inanitisha kuliko hiyo 19,200: kipindi cha kujenga ni miezi 12 tangu awamu ya kwanza, baada ya hapo naanza instolmenti kamili, nyumba ikiwa imeisha ama haijaisha. Sasa hii miezi wanapoteza wao, inahesabiwa kwangu?

Karani_Mstaafu:
Inahesabiwa, isipokuwa uandike kuomba kuongezewa kabla 12 haijaisha, na wengine wanalipisha hiyo pia. Kama wanaweza kukutoa siku walizochelewesha wao, hiyo nimeona ikikubaliwa na nimeona ikikataliwa. Andika barua moja yenye mambo yote mawili, weka tarehe sevea aliitwa na tarehe alikuja, wapige muhuri kopi yako. Wakikutupa unaenda nayo Benki Kuu, bila hiyo kopi watakuuliza kama uliwaandikia benki kwanza.

Mzito_Utawala:
Mimi bado nasema ni ile ada.

MamaMjengo_Ruai:
Mzito nitakutumia stetimenti ya loni nikiipata. Wameniambia kuitoa ni shilingi 500.

Fundi_Kayole:
500 ya kuonyeshwa deni lako 😂😂 sasa bima umelipa ama bado?