Mrejesho: katoni ya chupa za chai yenye 629

Swali langu lilikuwa: "Muuzaji wa Kariakoo kanitumia picha ya katoni ya chupa za chai. Msimbo wa mistari unaanza na 629. Je, zimetengenezwa Dubai?"

Ahsanteni wadau, jibu limepatikana. 629 hutolewa na ofisi ya Falme za Kiarabu ya GS1, shirika linalogawa namba za misimbo ya mistari. Inaonyesha kampuni ilikosajili namba, si kiwanda kilipo. Hata 620 yetu ya Tanzania ni hivyo hivyo.

Kwenye picha, tarakimu moja ilimezwa na mng'ao wa selotepu. Niliipata kwa hesabu. Kati ya zile tarakimu 13 za msimbo, ukihesabu kutoka kushoto, ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea huzidishwa kwa 3, nyingine hubaki zilivyo, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Tarakimu moja tu ndiyo iliyokubali. Namba kamili nikaiingiza Verified by GS1, huduma yao ya mtandaoni ya kutafuta mwenye namba, ikatokea kampuni ya Dubai.

Nikamwomba muuzaji picha ya ubavu wa pili wa katoni. Chini ya C/NO., yaani namba ya katoni, na G.W., yaani uzito pamoja na kifungashio, pameandikwa MADE IN CHINA. Jina la kiwanda halipo popote, kwa hiyo bei ya "mali ya Dubai" nimeikataa.